Puleki Zing'ae, Zisigeuke Chenga

Gauni la satini tupu halizisumbui sana programu za kutengeneza picha kwa akili mnemba. Ukiomba gauni hilohilo livalishwe puleki, ushanga na matamvua, mara nyingi unaletewa kitambaa kilichojaa vitone vyeupe, vimetawanyika sawasawa toka kifuani hadi pindoni. Kiuno hakionekani kilipoingia, nyonga haionekani ilipotokeza, na ukikuza picha huoni puleki hata moja. Unaona chenga.

Mwongozo huu unamfaa mbunifu au fundi anayetaka kumwonyesha mteja gauni kabla kitambaa hakijakatwa. Mfano tutakaoufuata ni gauni la sendofu, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, rangi ya bluu ya usiku. Puleki bapa za milimita 6 zinaanzia kifuani hadi katikati ya mapaja, kiunoni kuna mshipi wa ushanga, na chini kuna safu tatu za matamvua ya sentimita 20. Programu ni Stable Diffusion XL ndani ya AUTOMATIC1111. Anayetumia ComfyUI au modeli nyingine atakuta majina ya vitufe yamebadilika, lakini sababu za chenga ni zilezile.

Piga hesabu kabla ya kuandika ombi

Modeli hii haichori pikseli moja moja. Inafanya kazi kwenye picha iliyobanwa, ambamo kila kisanduku cha pikseli 8 kwa 8 kinawakilishwa na namba 4 tu. Mwishoni ndipo namba hizo zinapofumuliwa kuwa picha kamili. Kitu kidogo kuliko kisanduku hakina nafasi yake chenyewe. Kinabaki kubahatishwa wakati wa kufumua. Modeli za baadaye kama SD3 na Flux zinabeba namba 16 kwa kila kisanduku, hivyo zinatunza undani zaidi, ila ukubwa wa kisanduku ni uleule.

Sasa tupime gauni letu. Picha ya wima ya pikseli 832 kwa 1216 inamtosha mwanamke aliyesimama na viatu vyake, pamoja na nafasi kidogo juu na chini. Tuseme urefu wote huo ni sentimita 190. Gawanya 1216 kwa 190, unapata pikseli 6.4 kwa kila sentimita. Puleki ya milimita 6 inaangukia kwenye pikseli 4 hivi, yaani nusu ya kisanduku. Ushanga wa milimita 2 unapata pikseli moja na kidogo, na uzi wa tamvua vivyo hivyo. Hakuna neno utakaloliandika kwenye ombi litakaloifanya modeli ichore puleki kamili kwa ukubwa huo. Itafanya inachoweza, yaani kumwaga vitone.

Hesabu hii inakupa njia mbili. Ya kwanza ni kukubali kwamba kwa picha ya mwili mzima puleki hazitaonekana moja moja, na kutaka uso wa gauni tu uwe na mng'aro unaofuata umbo. Ya pili ni kuikuza picha, kisha kushughulikia gauni kipande kwa kipande ili kila puleki ipate zaidi ya kisanduku kimoja. Tutatumia zote mbili kwa mpangilio: kwanza mwanga, kisha vipande.

Jinsi puleki inavyong'aa kweli

Puleki bapa ni kioo kidogo. Inakurudishia taa pale tu inapokuwa imeelekea katikati ya taa na jicho lako. Ikigeuka kidogo, inaonyesha giza la chumba. Ndiyo maana kwenye gauni halisi lililojaa puleki, sehemu kubwa ya puleki kwa wakati wowote ni nyeusi au za rangi ya wastani, na chache tu ndizo zinazomweka. Hizo chache hazijatawanyika ovyo. Zinakusanyika mahali ambapo mwili wenyewe umeelekea upande unaofaa: ukanda mmoja kando ya titi, mwingine kwenye mzunguko wa nyonga, mwingine kwenye mgongo wa mkunjo. Nje ya kanda hizo utaona mmweko mmoja mmoja, kwa sababu puleki zimeshonwa kwa uzi na hazilali sawa kabisa.

Mbunifu wa Marekani Norman Norell alijulikana kwa magauni ya kubana yaliyofunikwa puleki za rangi moja toka juu hadi chini. Tafuta picha zake uziangalie kwa makini. Hazina nakshi wala rangi ya pili, lakini unausoma mwili wote, kwa sababu mwanga umejipanga kwenye kanda na giza limeachwa libaki giza.

Ushanga una tabia tofauti. Punje ya duara ina upande unaoelekea taa hata uitazame kutoka wapi, kwa hiyo karibu kila punje inayofikiwa na taa ina nukta yake ndogo, na nukta hizo zote ziko upande mmoja. Taa ikiwa kushoto, nukta iko upande wa kushoto wa kila punje. Shanga ndefu za mrija zinaonyesha mstari mwembamba unaofuata urefu wa mrija badala ya nukta. Kwa hiyo eneo la ushanga linang'aa kwa utulivu, ilhali eneo la puleki linamweka na kuzima. Picha inayovipa vyote viwili vitone vya aina moja imeshaharibika hata kama kila kitone ni kikali na safi.

Ukubwa wa taa nao unaamua. Balbu ndogo tupu inatoa mimweko michache mikali sana. Taa pana inazifikia puleki nyingi zaidi, lakini kila moja inang'aa kwa upole. Flashi iliyo juu ya kamera inaangaza kila kinachoelekea kamera, na hapo umbo linalala bapa. Kwa gauni kama hili, omba taa moja ndefu na nyembamba, imesimama wima upande wa kushoto. Itakupa ukanda mrefu unaoshuka na mwili.

Hatua ya kwanza: gauni lisilo na pambo

Usiombe puleki mwanzoni. Omba gauni lenye mkato huohuo, la satini ya rangi hiyohiyo, chini ya taa unayoitaka. Satini ina mng'aro mpana unaoangukia takriban sehemu zilezile ambazo puleki zingemweka, kwa hiyo picha hii inakuwa ramani yako ya mwanga. Maombi tunayaandika kwa Kiingereza kwa sababu maelezo ya picha yaliyofunza modeli hizi kwa sehemu kubwa yako katika lugha hiyo.

```
full-length studio photo of a woman standing,
fitted midnight blue satin evening gown,
plain fabric, one tall strip light from the left,
dark grey backdrop, deep shadow on the right side
```

Kwenye kisanduku cha `Negative prompt` weka haya:

```
glitter, sparkles, confetti, bokeh, lens flare,
film grain
```

Weka `CFG Scale` kati ya 4 na 6. Ukiipandisha sana, modeli inakaza tofauti ya mwanga na giza, jambo linalovumilika kwenye satini lakini linaloua puleki baadaye. `Sampling steps` 30 zinatosha.

Tengeneza kadhaa, kisha chagua kwa kigezo kimoja: je, ukanda wa mwanga unaonekana wazi ukishuka kifuani, ukikatika kiunoni na kurudi kwenye nyonga, na je, upande wa kulia umebaki gizani? Sura ya mwanamitindo na vidole vinaweza kurekebishwa baadaye. Mwanga mbaya ukiubeba hatua hii, utaubeba hadi mwisho.

Picha uliyoichagua ikuze mara mbili sasa hivi, kabla ya kuweka pambo lolote, iwe pikseli 1664 kwa 2432. Programu za kukuza za jamii ya ESRGAN zinabuni umbile la uso zinapoona vitone, na puleki zikipitishwa humo hutoka zimeungana kuwa vijinyoo. Kwenye satini tupu hazina cha kuharibu. Ukikosa uhakika, tumia `Lanczos`, haibuni kitu.

Baada ya kukuza, kila sentimita ina pikseli 12.8, na puleki ya milimita 6 ina karibu 8. Sasa inakijaza kisanduku kimoja.

Hatua ya pili: puleki, kwa vipande vilivyo sawa

Ingiza picha kwenye `Inpaint`. Paka eneo la kwanza kutoka juu ya kifua hadi chini kidogo ya kiuno, urefu wa sentimita 40 za gauni, yaani pikseli 512. Chagua `Inpaint area: Only masked` na `Masked content: original`, kisha weka upana na urefu wa 1024. Kwa mpangilio huu programu inakata kipande ulichopaka, inakikuza, inakichora upya peke yake, halafu inakirudisha mahali pake. Wakati wa kuchora, puleki yako ina pikseli kama 12, kisanduku kimoja na nusu, na hapo modeli inaweza kuchora duara lenye ukingo.

Kuna mitego miwili katika njia hii. Wa kwanza ni kwamba modeli inaona kile kipande tu. Haijui taa iko wapi kwenye picha nzima. Kwa hiyo pandisha `Only masked padding, pixels` kutoka 32 ya kawaida hadi 64 ili ione mwili unaozunguka, na rudia maelezo ya taa katika ombi la kila kipande. Wa pili unawanasa wengi zaidi. Modeli huwa inachora puleki za ukubwa unaokaribiana kwa pikseli, kipande kiwe kikubwa au kidogo. Ukipaka kifua kwa kipande cha sentimita 20 na nyonga kwa kipande cha sentimita 40, vikirudishwa mahali pake puleki za kifuani zitakuwa ndogo karibu nusu ya zile za nyongani. Kwa hiyo vipande vyote viwe na ukubwa mmoja. Kwenye gauni letu cha kwanza kinaishia chini ya kiuno, na cha pili, nacho cha sentimita 40, kinaanzia kiunoni hadi katikati ya mapaja. Sentimita chache zinazogongana ziko palepale utakapokuja kuweka mshipi wa ushanga, kwa hiyo kiungo hakitaonekana.

Ombi la kipande liwe hivi:

```
close view of midnight blue fabric covered in flat
round sequins sewn in overlapping rows, most sequins
dark, bright reflections only along the left side,
one tall strip light from the left
```

Usiandike milimita, modeli haipimi kwa rula. Maneno kama `sparkling`, `glittering` na `shimmering` yaache, kwa sababu yamefungamana na picha zenye vumbi la kung'aa linaloelea hewani na taa zilizofifia nyuma. Unachohitaji kukisisitiza ni `most sequins dark`. Nayo `overlapping rows` inazipanga puleki kama vigae vya paa, safu ya juu ikifunika ncha ya safu ya chini, jinsi zinavyoshonwa kweli.

Kitufe kinachoamua matokeo ni `Denoising strength`. Kwa kazi hii anza na 0.45. Chini ya 0.3 satini inapata mchanga juu yake badala ya puleki. Juu ya 0.6 modeli inaisahau ramani yako na kuweka mwanga inakotaka, nawe umerudi kwenye chenga. Ukiona puleki zimekuja vizuri lakini ukanda wa mwanga umehama, punguza hadi 0.4 na ubadilishe `seed`, usibadilishe ombi. `Mask blur` ya 8 hadi 12 inalainisha kingo za kipande. Usipake ngozi ya mabega wala nywele. Puleki hupenda kuhamia huko.

Kabla ya kuendelea, tazama ubavuni. Katikati ya tumbo puleki zinaonekana duara kwa sababu zinakuelekea. Zikielekea ubavuni, ambako mwili unageuka, zinapaswa kusinyaa kuwa mviringo mwembamba na kusogeleana. Kama ni duara zilezile kutoka ukingo hadi ukingo, modeli imebandika ruwaza bapa juu ya mwili. Paka ubavu peke yake, ongeza `fabric curving away at the side`, na hapa lipe eneo hilo padding kubwa zaidi hadi kipande kinachokatwa kilingane na vile vya mwanzo.

Hatua ya tatu: ushanga una njia yake

Ushanga hushonwa kwa kufuata mstari. Kila punje ina jirani mbele na nyuma kwenye uzi mmoja, na jicho la mwanamke wa Kiswahili aliyezoea shanga hulikamata kosa la mstari mara moja. Modeli ikiachiwa yenyewe inatawanya punje kama zilizomwagika. Kwa hiyo njia ichore wewe.

Fungua picha kwenye Krita au GIMP, weka tabaka jipya, na kwa brashi ya pikseli 6 chora mistari ya mshipi: mitatu inayolingana kuzunguka kiuno, ikipinda kushuka kidogo katikati ili ifuate uduara wa tumbo, na kati yake vijitanzi kama unavitaka. Tumia rangi iliyong'aa kidogo kuliko gauni, fedha iliyofifia kwa mfano, na upande wa kulia uifanye nyeusi zaidi. Rudisha picha kwenye `Inpaint`, paka mshipi tu, na tumia `Denoising strength` ya 0.35 hadi 0.4. Modeli itaigeuza mistari yako kuwa punje bila kuipotosha.

Hapa huhitaji kipande kiwe sawa na vile vya puleki, kwa sababu ushanga ni mdogo kuliko puleki kwa asili. Kipande kidogo cha sentimita 20 kitakupa punje ndogo, nayo ndiyo shabaha. Ukitaka utofauti wa wazi zaidi, omba shanga za mrija: mstari wao wa mwanga hauwezi kuchanganywa na duara la puleki hata picha ikipunguzwa sana.

Kosa la kutafuta ni nukta zilizogeuka pande tofauti. Kuza picha, chagua punje kumi zilizofuatana upande wa kushoto, na utazame nukta ya kila moja iko wapi. Zikiwa zote kushoto, mshipi umekaa. Zikiwa huku na huku, ushanga utaonekana kuwaka wenyewe kama umetiwa taa ndani, na hakuna kuongeza ukali kutakakoliponya hilo.

Hatua ya nne: matamvua yashuke

Uzi wa tamvua wenye unene wa milimita 2 una pikseli mbili na nusu hata baada ya kukuza. Usijaribu kuupata mmoja mmoja. Matamvua yanayoning'inia hujikusanya yenyewe kwenye mafungu, na fungu la sentimita moja au mbili lina pikseli 13 hadi 26, kiasi ambacho modeli inakimudu. Omba mafungu yenye mianya ya giza kati yake:

```
three tiers of long silk fringe hanging straight down,
strands gathered in soft clumps with dark gaps,
each tier starting from a straight horizontal seam
```

Kila safu ichore peke yake, ukianza na ya chini kabisa. Safu ya kati inakuja juu ya mshono wa safu ya chini, na ya juu inakuja juu ya mshono wa kati, sawasawa na fundi anavyoanza kushonea kutoka chini. Ukianza na ya juu, kila safu unayoongeza itakula ncha za iliyotangulia. Unapopaka, shuka chini ya mahali ncha zinapoishia ukaingie kwenye mandharinyuma kidogo. Ukiishia palepale kwenye ncha, matamvua yatatoka yamekatwa kwa mkasi. `Denoising strength` hapa inaweza kupanda hadi 0.55, kwa sababu unabadilisha umbo, siyo uso peke yake.

Mwanga wa matamvua hauko urefu wote wa uzi. Uko juu, pale nyuzi zinapoinuka kuivuka safu iliyo chini yake kabla ya kuanguka wima. Kwa hiyo kwenye gauni letu utarajie kanda tatu za mlalo, kila moja karibu na mshono wake, zikififia kuelekea kulia. Sehemu ya chini ya kila safu iwe na giza. Nyuzi zote zikiwa na mistari myeupe toka juu hadi chini, utaona mvua badala ya matamvua.

Mwanamitindo akiwa amesimama, nyuzi zishuke wima. Akiwa anatembea, ncha zisogee zaidi kuliko mizizi, na zibaki nyuma ya mguu unaotangulia, zote upande mmoja. Ili kukagua, chagua fungu lolote na ulifuate kwa kidole kutoka mshononi. Likipotea njiani, likiingia mguuni au likiibukia juu ya mkono, paka fungu hilo peke yake na urudie.

Vipimo viwili kabla ya kumtumia mteja

Punguza nakala ya picha hadi urefu wa pikseli 100 na uiondoe rangi. Kwa udogo huo puleki zote zimepotea na kilichobaki ni mpangilio wa mwanga tu. Unapaswa bado kuona kifua, kiuno na nyonga. Ukiona kijivu kimoja toka juu hadi chini, mapambo yamelifuta umbo, hata kama picha kubwa inavutia.

Kipimo cha pili kinaonyesha kosa liko wapi. Kwenye GIMP fungua `Colors > Threshold` na usogeze kizingiti cha chini hadi 240. Picha inabaki nyeusi isipokuwa pikseli zilizokaribia weupe kamili. Vitone hivyo vikijikusanya kwenye kanda upande wa kushoto, na vichache vikiwa vimetangatanga nje yake, gauni limekaa. Vikienea sawasawa, umeipata ile chenga ikiwa imebaki peke yake, na unaweza kuonyesha kwa kidole inapoanzia.

Tiba yake kwa kawaida ni kufifisha, siyo kuchora upya. Weka tabaka jipya lenye hali ya `Multiply`, na kwa brashi laini ya bluu nyeusi yenye nguvu ya asilimia 30 pitia upande wa kivuli na sehemu zilizo kati ya kanda. Puleki hazipotei, zinarudi tu kuwa puleki zisizoelekea taa. Rudia kipimo. Kuongeza ukali wa picha hatua hii ni kosa, kwa sababu kila kitone kinapata ukingo mweupe na kazi yote inarudi nyuma.

Hifadhi kwa PNG. JPEG nayo hubana picha kwa visanduku vya pikseli 8 kwa 8, na eneo lililojaa vitone ndilo linaloumia kwanza. Kwenye WhatsApp itume kama hati badala ya picha ya kawaida, maana picha ya kawaida hupunguzwa na kubanwa njiani. Kama itawekwa Instagram, ipunguze mwenyewe hadi upana wa pikseli 1080 na urudie vipimo vyote viwili hapo. Puleki zitakuwa zimeshuka hadi pikseli 5, na kama mwanga ulipangwa vizuri, hazitadhurika.

Mteja akisema "hapa ndipo nilipopapenda"

Mteja atakayeiona picha hii anaweza kuonyesha ukanda unaomweka kwenye nyonga ya kushoto na kutaka puleki za pale ziwe hivyohivyo. Fundi asiyejua picha ilivyotengenezwa anaweza kukubali, akashonea puleki zenye mng'aro zaidi upande huo. Mweleze mapema kwamba ukanda ule ni wa taa. Puleki ni za aina moja gauni zima, zinashonwa kwa nafasi moja pande zote, na siku ya sherehe ukanda utahama kila akigeuka. Pamoja na picha, mpe kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja kilichoshonwa puleki, ushanga na uzi wa tamvua vyenyewe, akigeuze mwenyewe chini ya taa. Idadi ya puleki, uzito wa gauni na bei ya kazi zipigwe kutoka kwenye kipande hicho, kwa sababu puleki za kwenye picha hazihesabiki.